Pete ya Kilovolti 11: Kampasi Kubwa Inavyolishwa Umeme

Kampasi kubwa hununua umeme wake katika msongo wa kati, kisha huusambaza yenyewe. Shirika la umeme, liwe TANESCO au Kenya Power, huleta laini ya kilovolti 11 au 33 hadi kwenye kituo cha kupokelea karibu na uzio, na hapo ndipo mita hufungwa. Kuanzia hapo kwenda ndani, mara nyingi kebo, swichi na transfoma huwa ni mali na jukumu la kampasi. Sababu ya kutosambaza umeme huo kwa volti 400 tangu getini ni ukubwa wa mkondo. Mzigo wa kVA 3,900 huvuta ampea 205 katika kilovolti 11, lakini katika volti 400 mzigo huohuo huvuta zaidi ya ampea 5,600. Hakuna kebo ya kawaida inayoweza kubeba mkondo huo kwa kilomita mbili bila volti kushuka hadi taa kufifia na mota kushindwa kuwaka.

Kwa hiyo kilovolti 11 hupelekwa karibu kabisa na majengo, na kila kundi la majengo hupewa kituo kidogo chenye transfoma yake. Swali linalobaki ni namna ya kuviunganisha vituo hivyo. Njia rahisi ni mstari mmoja unaotoka kituo cha kupokelea na kupita kituo kimoja baada ya kingine. Ubaya wake ni kwamba kebo ya kwanza ikikatwa, vyote vilivyo mbele yake huzimika mpaka itengenezwe. Kutengeneza kebo ya ardhini ya kilovolti 11 si kazi ya saa moja. Fundi lazima atafute mahali ilipoharibika, achimbe, akaushe, aunge jointi na kuipima kabla ya kuirudishia umeme, na kazi hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa. Pete huondoa tatizo hilo. Mstari unarefushwa mpaka urudi ulikoanzia, hivyo kila kituo kinakuwa na njia mbili za kupata umeme.

Ili maelezo yashike, tuchukue kampasi ya mfano yenye vituo sita. Cha kwanza kinalisha utawala na maktaba kwa transfoma ya kVA 630. Cha pili ni cha maabara za sayansi, kVA 1,000, na cha tatu ni cha uhandisi, nacho kVA 1,000. Cha nne kina hosteli za kaskazini, kVA 800. Cha tano hosteli za kusini na kantini, kVA 630. Cha sita zahanati na pampu za maji, kVA 500. Kebo inatoka kituo cha kupokelea, inapita cha kwanza hadi cha sita, kisha inarudi kituo cha kupokelea. Urefu wa pete yote ni kilomita nne.

Ndani ya kabati la pete

Kila kituo kidogo kina kabati la swichi ambalo mafundi hulitaja kwa herufi zake, RMU. Kwa umbo lake la kawaida lina swichi tatu. Mbili ni za pete, moja kwa kebo inayotoka kituo cha nyuma na nyingine kwa kebo inayokwenda kituo cha mbele. Ya tatu ni ya tawi linalolisha transfoma. Swichi za pete kwa kawaida hubeba ampea 630. Zinaweza kukata mkondo wa mzigo, na zinaweza kufungwa hata kama upande wa pili kuna hitilafu bila kumdhuru anayeziendesha, lakini hazikuundwa kukata mkondo wa hitilafu. Kazi hiyo imeachiwa sakiti breka zilizo kwenye kituo cha kupokelea. Ndiyo maana kabati hili ni dogo na bei yake ni nafuu ukililinganisha na safu ya sakiti breka katika kila kituo.

Tawi la transfoma ni tofauti, kwa sababu lazima lijilinde lenyewe. Hitilafu ndani ya transfoma moja haipaswi kuizima pete. Kwa transfoma za ukubwa wa kati tawi hutumia swichi iliyoshirikishwa na fyuzi tatu. Kila fyuzi ina kipini kinachochomoka inapoungua, na kipini hicho huisukuma swichi ifunguke kwenye fezi zote tatu, ili transfoma isibaki ikifanya kazi kwa fezi mbili. Transfoma ya kVA 1,000 huvuta ampea 52 na nusu tu kwenye kilovolti 11, ila fyuzi yake huwa ya ampea 80 au 100 kufuatana na jedwali la mtengenezaji. Ukubwa huo wa ziada unatokana na mkondo wa kuwashia: kwa sehemu ndogo ya sekunde transfoma inapopewa umeme inaweza kuvuta mara kumi au zaidi ya mkondo wake wa kawaida, na fyuzi iliyochaguliwa kwa kubana ingeungua asubuhi ya kwanza baada ya kukatika kwa umeme. Fyuzi moja ikiungua, zote tatu hubadilishwa, kwa kuwa mbili zilizobaki nazo zimepata joto lisiloonekana kwa macho. Transfoma zikiwa kubwa kuliko uwezo wa fyuzi, tawi hupewa sakiti breka ya ombwe na rilei yake.

Katika makabati mengi yaliyofungwa miongo ya karibuni, swichi zimo ndani ya tangi la chuma lililozibwa na kujazwa gesi ya SF6. Gesi hiyo huhami umeme vizuri, na hilo ndilo linalolifanya kabati liwe na upana wa mita moja na kitu. Lakini uwezo wake wa kupasha joto anga, kilo kwa kilo, ni zaidi ya mara 23,000 ya ule wa kaboni dayoksaidi. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2024, umepiga marufuku kuanzia Januari 1, 2026 kufungwa kwa swichi mpya za hadi kilovolti 24 zenye gesi za aina hiyo, isipokuwa kwa masharti maalumu. Kampasi inayonunua kabati leo ifikirie kwamba litakaa miaka 30 au zaidi, na iulize mapema kama lipo la hewa kavu na ombwe.

Pengo, na usiku wa hitilafu

Pete hii haiachwi ikiwa imefungwa pande zote. Mahali pamoja, swichi moja huachwa wazi wakati wote. Katika mfano wetu ni ile ya kituo cha tatu inayoelekea kituo cha nne. Kwa hiyo pete ina mikono miwili: wa kushoto unalisha kituo cha kwanza hadi cha tatu, wa kulia unalisha cha sita hadi cha nne. Pengo likifungwa, hitilafu yoyote italishwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, rilei za kawaida za kuzidi kwa mkondo hazitajua hitilafu iko upande gani, na breka zote mbili zitaruka. Kampasi nzima itakuwa gizani kwa kosa la kebo moja. Zipo rilei za kulinda pete iliyofungwa, lakini zinahitaji sakiti breka katika kila kituo pamoja na waya wa mawasiliano kati yao, na gharama hiyo huhalalishwa na hospitali kubwa au kiwanda kuliko na hosteli.

Tuseme mchimbaji wa bomba la maji anaikata kebo kati ya kituo cha pili na cha tatu. Breka ya mkono wa kushoto inaruka. Utawala, maabara na uhandisi vinazimika, huku hosteli na zahanati vikibaki na umeme. Fundi wa zamu anakwenda kituo cha kwanza na kutazama bendera ya hitilafu, kifaa kidogo kinachokumbuka kwamba mkondo mkubwa umepita kwenye kebo inayokwenda mbele. Imeinuka. Anakwenda cha pili, nayo imeinuka. Cha tatu haijainuka. Mkondo ulipita kituo cha pili lakini haukufika cha tatu, basi hitilafu iko katikati yao.

Kinachofuata ni mpangilio usioruhusiwa kuvurugwa. Fundi anafungua swichi ya kituo cha pili inayotazama cha tatu, na ile ya kituo cha tatu inayotazama cha pili, na kuzifungia zote kwa kufuli. Kebo mbovu sasa imetengwa ncha zote mbili. Ndipo breka ya kituo cha kupokelea inafungwa na vituo viwili vya kwanza vinarudi. Kisha pengo linafungwa na kituo cha tatu kinapata umeme kupitia mkono wa kulia. Mwisho kebo mbovu inaungwa na ardhi kwenye ncha zake, ambapo kabati lenyewe halimruhusu mtu kufanya hivyo kabla swichi kuu haijafunguliwa. Yote haya yanaweza kumalizika ndani ya saa moja, na kebo ikatengenezwa kesho kwa utulivu.

Bendera ndiyo inayofupisha kazi, na ndiyo inayofungwa vibaya mara nyingi. Ile ya hitilafu ya ardhi hutumia pete ya kupimia mkondo iliyovishwa kwenye kebo nzima. Kebo ya kilovolti 11 ina gamba la shaba kuzunguka kila kiini, na mkondo wa hitilafu unaokwenda kupitia kiini hurudi kwa sehemu kubwa kupitia gamba hilohilo. Waya unaounganisha gamba na ardhi ukichukuliwa moja kwa moja kutoka juu ya pete ya kupimia, mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana ndani yake na bendera haioni kitu. Waya huo lazima urudishwe kupitia tundu la pete ya kupimia kabla ya kufungwa kwenye ardhi. Mkaguzi anaweza kuliona kosa hili kwa tochi tu, kabla umeme haujawashwa.

Kuchagua kebo ya pete

Siku za kawaida kila mkono wa pete hubeba karibu nusu ya mzigo. Anayechagua kebo kwa kuangalia siku hizo anapoteza faida yote ya pete. Kebo ikikatwa kati ya kituo cha kupokelea na kituo cha kwanza, vituo vyote sita vitalishwa na mkono wa kulia peke yake, na kipande cha kutoka kituo cha kupokelea hadi cha sita kitabeba kampasi nzima. Hitilafu ikitokea upande wa pili, ni kipande cha kwanza kitakachobeba yote. Hivyo kila kipande cha pete, tangu mwanzo hadi mwisho, huchaguliwa kwa mzigo wa pete yote.

Mzigo huo si jumla ya transfoma. Jumla katika mfano wetu ni kVA 4,560, ila maabara hufikia kilele mchana na hosteli jioni, na transfoma zenyewe huchaguliwa zikiwa na nafasi ya ziada. Tuseme kipimo cha mita kimeonyesha kilele cha kampasi nzima ni kVA 3,000, na mpango wa ujenzi unahitaji kuongeza asilimia 30. Tunapata kVA 3,900. Mkondo wake hupatikana hivi:

```
I = S / (1.732 × U) = 3900 / (1.732 × 11) = 205 A
```

Kebo inayofikiriwa ni ya viini vitatu vya aluminiamu, yenye kihami cha XLPE na deraya ya waya za chuma. Jedwali la kiwango cha kimataifa IEC 60502-2 linaipa ya milimita za mraba 150 takriban ampea 260 ikizikwa moja kwa moja ardhini, na ya 185 takriban ampea 294. Mtu mwenye haraka angesema hata ya 120, yenye karibu ampea 232, inatosha. Lakini jedwali hilo limeandikwa kwa udongo wa nyuzi 20 za Selsiasi, kina cha sentimita 80 na udongo wenye unyevu wa wastani. Pwani ya Afrika Mashariki udongo hufika nyuzi 30, na hapo kebo hubeba asilimia 93 tu ya uwezo wake. Mchanga ukikauka hautoi joto vizuri, na kwa kiasi cha ukavu kinachotarajiwa hapa uwezo hushuka tena hadi asilimia 89. Kina cha mita moja kinachukua asilimia mbili nyingine. Vikizidishwa pamoja, 0.93 kwa 0.89 kwa 0.98, hubaki 0.81.

Kebo ya 120 sasa inabeba ampea 188 na imeshindwa. Ya 150 inabeba karibu ampea 211, na inaonekana kufaulu kwa tofauti ndogo. Hata hivyo pete hii inakatiza barabara tatu, na chini ya barabara kebo hupitishwa ndani ya bomba. Hewa iliyo ndani ya bomba inazuia joto, na uwezo hupungua kwa karibu sehemu moja ya nane. Mita kumi za bomba zinatosha kuamua ukubwa wa kebo yote, kwa sababu kihami huungua mahali penye joto kubwa kuliko pote, na huko ya 150 inashuka chini ya ampea 205. Kebo ya 185 inabaki juu ya kiwango hicho hata ndani ya bomba. Basi ni hiyo inayochaguliwa.

Inabaki kuthibitisha kwamba haitaharibika siku ya hitilafu. Tuseme shirika la umeme limetoa nguvu ya hitilafu kwenye kituo cha kupokelea kuwa MVA 250, yaani kiloampea 13.1. Kwa sekunde moja, kila milimita ya mraba ya aluminiamu yenye kihami cha XLPE inastahimili takriban ampea 94 bila kupita nyuzi 250, joto ambalo kihami huvumilia kwa muda mfupi. Milimita 185 zinastahimili kiloampea 17.4, nazo zinatosha. Rilei zikiwa na kasi zaidi ya sekunde moja, nafasi huongezeka. Hesabu kama hiyo hufanywa kwa gamba la shaba dhidi ya mkondo wa hitilafu ya ardhi, na hapo ndipo kebo ya bei ya chini hukamatwa, kwa kuwa gamba jembamba halionekani kwa nje.

Kushuka kwa volti, ambako huwasumbua sana mafundi wa msongo mdogo, hapa si tatizo. Hata tukidhani mzigo wote wa ampea 205 uko mwisho wa kilomita nne, kebo hii hupoteza takriban volti 330 kati ya 11,000, yaani asilimia tatu, na kwa kuwa mzigo umegawanyika njiani upotevu halisi ni mdogo kuliko huo. Linganisha na upande wa volti 400: ampea 300 kwenye kebo ya shaba ya milimita za mraba 185 kwa umbali wa mita 200 tu hupoteza karibu volti 15, ambazo ni asilimia nne hivi. Ndiyo sababu kituo kidogo huwekwa katikati ya majengo kinayoyalisha, hata kama kiwanja cha bei nafuu kiko pembeni.

Jambo moja halimo katika jedwali lolote. Kebo mbili zinazotoka kituo cha kupokelea, moja kwa kila mkono, zisilale katika mfereji mmoja. Mchoraji huona ni akiba ya kuchimba, lakini koleo la greda litakalokata moja litakata na nyingine, na pete haitakuwa na maana. Zipitie pande tofauti za barabara, na bora zaidi zitoke kuta tofauti za jengo.

Chumba

Chumba cha kituo kidogo hugawanywa sehemu tatu: ya kabati la pete, ya transfoma, na ya bodi ya volti 400. Kuta kati yake huwa za tofali au zege, ili moto wa mafuta ya transfoma usifikie swichi ambayo fundi anahitaji kuifungua. Kwa kituo cha pili cha mfano wetu, chumba cha kabati cha mita tatu kwa tatu na nusu kinatosha kwa kabati la sasa na nafasi ya swichi moja ya baadaye, na chumba cha transfoma cha ukubwa huohuo kinaacha karibu mita moja kuizunguka. Kila chumba kiwe na ukuta mmoja wa nje, chini, upande wa njia ambayo lori linaweza kufika. Transfoma ya kVA 1,000 ina uzito wa tani mbili au zaidi, na siku moja itabadilishwa. Juu ya chumba pasiwe na choo, bafu wala jiko, na sakafu iinuliwe juu ya kiwango cha maji ya masika.

Kipimo kinachosahaulika zaidi ni kina cha mtaro ulio chini ya kabati. Kebo ya viini vitatu ya milimita za mraba 185 ina kipenyo cha karibu sentimita saba, na watengenezaji wengi hawaruhusu ikunjwe kwa nusu kipenyo kilicho chini ya mara 12 hadi 15 ya kipenyo chake. Hiyo ni sentimita 84 hadi mita moja na kidogo. Mtaro wa sentimita 50, ambao wajenzi huuchimba kwa mazoea, humlazimisha fundi kuikunja kebo kwa nguvu na kuifunga ikiwa bado inajinyoosha. Kwa miaka miwili au mitatu kebo huvuta kichwa chake pole pole, ufa mdogo hutokea mahali kihami kinapoungana na kabati, na umeme huanza kuvuja kwa cheche ndogo ndogo. Dalili zake zinatambulika: mlio kama wa mafuta ya kukaangia, harufu kali ya ozoni, na unga mweupe au wa kijani kwenye shaba. Chumba chenye unyevu huleta dalili hizohizo hata bila kebo kukunjwa, kwa hiyo mtaro hupewa mteremko wa kutoa maji, na kila bomba la kebo huzibwa kwa dawa ya kuzuia maji, panya na nyoka.

Mbele ya kabati huachwa nafasi wazi. Kiwango cha IEC 61936-1 kinataka njia isiyopungua sentimita 80, lakini mita moja na nusu inamwezesha fundi kushika mpini wa swichi kwa mikono miwili na kurudi nyuma bila kugonga ukuta. Milango hufunguka kwa nje na hufunguka kwa kusukumwa tu kutoka ndani, hata kama imefungwa kwa ufunguo kutoka nje. Sababu yake ni mlipuko wa safu ya umeme. Ikitokea hitilafu ndani ya kabati, gesi moto hupasua kifuniko cha usalama na kutoka kwa kishindo. Makabati ya kisasa hupimwa ili gesi hiyo ielekezwe chini kwenye mtaro au nyuma, mbali na uso wa mtu, lakini kipimo hicho kina thamani tu kama chumba kimejengwa kama maabara ilivyokuwa, kwa urefu uleule wa dari na nafasi ileile nyuma ya kabati. Kuligandamiza ukutani kabati lililopimwa likiwa na nafasi ni kulifuta cheti chake.

Chumba cha transfoma huhitaji vitu viwili: shimo la mafuta na upepo. Transfoma ya mafuta ya ukubwa huu hubeba mamia ya lita, na shimo lililo chini yake lazima liyapokee yote, likiwa na tabaka la kokoto za kuzimisha moto. Upepo hukadiriwa kwa kanuni inayotumika sana, ambapo eneo la tundu la chini kwa mita za mraba ni sawa na 0.18 mara upotevu wa joto kwa kilowati, ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha kimo kati ya tundu la chini na la juu. Transfoma inayopoteza kilowati 12 ikiwa na mzigo kamili, kwa kimo cha mita mbili, inahitaji tundu la chini la mita za mraba 1.53, na la juu kubwa zaidi kwa asilimia kumi, yaani 1.68. Wavu na vipande vya kuzuia mvua havihesabiwi katika eneo hilo. Kanuni hii inadhani wastani wa joto la mwaka wa nyuzi 20. Dar es Salaam na Mombasa zina zaidi ya hapo, kwa hiyo matundu hupanuliwa au feni huongezwa, na anayeyaziba kuzuia vumbi anaifupishia transfoma maisha.

Kila kitu cha chuma chumbani, kuanzia mwili wa kabati, tangi la transfoma, magamba ya kebo hadi fremu za milango, huungwa kwenye mkanda mmoja wa shaba unaozunguka jengo ardhini. Kwa mtu aliyesimama pale wakati wa hitilafu, kila anachogusa na anachokanyaga kinapanda volti kwa pamoja, na tofauti kati yake hubaki ndogo.

Kabla ya kuwasha

Kebo mpya ya XLPE hupimwa kwa umeme wa masafa ya chini sana, hezi 0.1, kwa volti mara tatu ya volti kati ya fezi na ardhi, yaani karibu kilovolti 19 kwa robo saa. Kipimo cha zamani cha umeme wa mkondo mnyoofu kilichofaa kebo za karatasi na mafuta huziachia kebo za XLPE zilizotumika chaji inayozidhoofisha, na hakifai kwao.

Kazi ya mwisho ni kulinganisha fezi kwenye pengo. Mikono yote miwili ikishapata umeme, fundi huchomeka kifaa cha kulinganisha kwenye tundu za kupimia za kituo cha tatu, upande wa kushoto na wa kulia, fezi moja moja. Mahali fulani njiani, katika jointi mojawapo, viini viwili vinaweza kuwa vimebadilishana. Kampasi itafanya kazi vizuri kwa miaka bila mtu kujua, mpaka usiku ambao pengo litafungwa kwa mara ya kwanza huku mikono yote miwili ikiwa na umeme, na kufungwa huko kutakuwa ni kuunganisha fezi mbili tofauti moja kwa moja. Kwa hiyo pengo lisifungwe hata mara moja kabla ya kipimo hicho, na kipimo kirudiwe kila kebo ya pete inapotengenezwa. Matokeo yake, pamoja na mchoro wa pete unaoonyesha pengo liko wapi, yabandikwe kwenye ukuta wa kila kituo, mahali fundi wa zamu atakapoyasoma kwa tochi.